Siku 30 Kuanzia Lini?

Mshauri mwelekezi anayelipwa kwa saa huanza kazi na barua ya kurasa mbili au tatu, iliyosainiwa na pande zote mbili. Bei ya saa ndiyo inayojadiliwa kwa jasho. Sentensi ya mwisho, ile isemayo malipo yatafanyika ndani ya siku 30, hupita bila swali. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha nyingi hukwama.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa Dar es Salaam aliyeitwa na hoteli ya Arusha kunyoosha vitabu vyake. Barua inasema saa moja ni shilingi 80,000, na muda unahesabiwa kwa robo saa. Saa za safarini zinalipwa nusu. Kwa mwezi hatapitisha saa 40 bila ruhusa ya maandishi. Kikomo hiki kinamlinda mteja asishtushwe na ankara, lakini kinamlinda mhasibu pia: kazi ikiongezeka, anaomba ruhusa kabla ya kuifanya badala ya kuitetea baadaye.

Mwezi wa Oktoba amefanya kazi saa 34 na nusu, yaani shilingi 2,760,000. Ametumia saa tatu safarini kwa kazi hiyo, shilingi 120,000. Ada yote ni 2,880,000. Nauli na malazi, kwa risiti, ni 310,000. Hajasajiliwa kwa VAT, kwa hiyo haongezi kitu. Hoteli itakata kodi ya zuio ya asilimia 5, kiwango cha Tanzania kwa ada ya huduma anayolipwa mkazi, na hapo barua inatakiwa iwe imeshasema inakatwa kwenye nini. Ikikatwa kwenye ada peke yake ni 144,000, na mhasibu anapokea 3,046,000. Karani akiikata kwenye jumla yote, gharama zikiwemo, inakuwa 159,500. Ndiyo maana ada na gharama hukaa kwenye mistari tofauti ya ankara, na risiti huambatishwa. Barua itaje pia cheti cha kodi hiyo, kwa sababu bila cheti mhasibu atapata taabu kuonyesha kwamba sehemu ya kodi yake ya mwaka imeshalipwa.

Sasa turudi kwenye zile siku 30. Ankara ya Oktoba imetumwa kwa barua pepe tarehe 5 Novemba. Kama siku zinahesabiwa tangu ankara ilipopokelewa, mwisho ni tarehe 5 Desemba. Kama zinahesabiwa tangu ilipoidhinishwa, na meneja alikuwa safarini akaisaini tarehe 2 Desemba, mwisho ni tarehe 1 Januari. Hakuna aliyevunja makubaliano, na mhasibu amemaliza mwezi wa Desemba bila senti. Mbaya zaidi, anayeshikilia kalamu ya kuidhinisha ndiye mdaiwa mwenyewe.

Barua nzuri hufunga mwanya huo kwa mambo matatu yanayofuatana. Ankara itatumwa kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata, kwa anwani iliyotajwa, pamoja na karatasi ya saa. Mteja ana siku saba za kuhoji kwa maandishi. Zikipita kimya, ankara imekubalika. Na akihoji sehemu, sehemu isiyo na ubishi inalipwa kwa wakati wake. Meneja akisema hazikumbuki saa nne za tarehe 17 Oktoba, ubishi uwe juu ya shilingi 320,000 za saa hizo, si ankara nzima.

Ubishi wa namna hiyo humalizwa na karatasi ya saa. "Kikao, saa nne" haimsaidii mtu. "Kulinganisha taarifa za benki za Julai na Agosti na daftari la fedha, pamoja na mtunza fedha, saa nne" inaweza kuthibitishwa na mtunza fedha mwenyewe. Iandikwe siku ileile. Ikiandikwa mwisho wa mwezi hujaa namba za mviringo, na msomaji makini huziona.

Gharama hazihitaji maneno mengi: usafiri wa daraja gani, malazi hadi kiasi gani kwa usiku, na kiasi ambacho kikizidi lazima ruhusa itangulie.

Halafu kuna malipo yaliyochelewa. Washauri wengi huandika riba, lakini ni wachache wanaothubutu kumdai riba mteja wanayemhitaji mwezi ujao. Kifungu chenye nguvu zaidi ni haki ya kusimamisha kazi: ankara ikipitisha tarehe yake kwa siku 14, mshauri anatoa taarifa ya maandishi na kuweka kalamu chini, na tarehe ya kukabidhi ripoti inasogea kwa siku zilezile ambazo malipo yamechelewa. Bila kipande hicho cha mwisho, mteja aliyechelewa kulipa anaweza kumgeukia mhasibu na kumlaumu kwa kuchelewesha ripoti.