Bukavu: Kumwambia jamaa wa mbali kwamba nyumba haina nafasi

Simu iliita jioni ya Jumapili, mwezi wa nane 2025, katika nyumba ya vyumba viwili na salo kule Panzi, komine ya Ibanda. Aliyepiga alikuwa jamaa wa mume, kutoka Walungu. Nyanya zao walikuwa dada wa tumbo moja, kwa hiyo mume humwita yaya, ingawa walikuwa wameonana labda mara sita maishani. Yaya alianza kwa kuuliza hali, kama kawaida, kisha akasema kijana wake amepata diploma ya serikali na ataanza masomo ya chuo kikuu Bukavu. Aliomba alale kwao mpaka amalize, yaani miaka mitatu.

"Atalala tu mu salo, haombi kitanda," alisema yaya, kwa maneno ambayo mume anayakumbuka mpaka leo.

Mume ni fundi wa kushona, na mkewe anauza unga na sambaza. Wawili hao wamekubali kueleza yaliyowapata kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe, kwa sababu jambo lenyewe bado halijaisha ndani ya ukoo.

Kwanza ni lazima kujua nyumba ilikuwa imetoka wapi. Mwanzoni mwa mwaka huo, mapigano yalipoteremka kutoka upande wa Minova na Kalehe, dada wa mke alifika na watoto wanne na godoro moja. Alisema ni siku chache. Tarehe 16 mwezi wa pili waasi wa M23 wakaingia Bukavu, benki zikafunga milango, na siku chache zikawa miezi sita. Watu saba wakawa kumi na wawili. Madumu sita ya maji kwa siku yakawa kumi, na watoto waliokwenda kuyachota ndio hao hao waliotakiwa kuwa shuleni saa moja na nusu. Fundi alipoteza wateja, maana nani anashona nguo mpya wakati kama huo? Mwenye nyumba naye akaanza kulalamika juu ya choo, kwa sababu parseli hiyo ina familia nne na shimo ni moja.

Hakuna aliyemkataa dada huyo, na wote wawili wanasema hawangemkataa hata leo. Mtu anayekimbia risasi anafunguliwa mlango, na hapa Kivu ni hivyo tangu zamani: wengi wa waliohamishwa na vita hawalali kambini bali kwa jamaa na marafiki. Lakini dada alipopata kachumba chake Kadutu mwishoni mwa mwezi wa saba, mke alisafisha salo, akarudisha viti mahali pake, na kwa wiki tatu watoto wakasoma mezani usiku. Ndipo simu ya Walungu ikaita.

Jibu la kwanza la mume lilikuwa kosa. Alisema: "Yaya, nimesikia, acha nizungumze na mama watoto." Kwake ilikuwa heshima kwa mke. Kule Walungu ilisikika vingine. Siku mbili baadaye shangazi mmoja alimpigia mke akimuuliza kwa nini anafunga nyumba ya mume wake kwa damu ya mume wake. Mke alikuwa hata hajatoa maoni.

Kosa hili ni la kawaida sana mjini, kwa maelezo ya muzee mmoja wa Kadutu, mwenye zaidi ya miaka sabini, ambaye ndiye aliyekuja kuongoza mazungumzo. Yeye ni baba mkubwa wa mume. Anasema katika maisha yake ameketi katika mabishano mengi ya namna hii, na karibu kila mara aliyebeba lawama ni mke. "Mwanaume anajificha nyuma ya bibi yake, kisha ukoo unamuchukia bibi miaka kumi," alisema. Shauri lake la kwanza lilikuwa neno moja dogo: sisi. Mume aseme "sisi hatutaweza", na asilitaje jina la mke hata mara moja.

Shauri la pili lilihusu wakati. Jibu litoke ndani ya wiki, kabla mzazi hajauza mbuzi kwa ajili ya safari na kabla kijana hajawaaga wenzake. Muzee anasema wengi hufanya kinyume: wanazima simu, wanasema mtandao ni mbaya, wanadai wako safarini Uvira au ng'ambo ya Ruzizi. Bukavu ni kubwa kwa idadi ya watu lakini ni ndogo kwa habari. Mtu anayedai yuko Uvira ataonekana Nyawera akinunua nyanya, na habari itafika kijijini kabla nyanya hazijapikwa. Na wakati huo wote ombi halijafa. Kijana atapanda gari na mfuko wake, atashuka, atapiga hodi, na hapo mambo yamekwisha. Mtu aliyeshuka na mfuko harudishwi usiku.

Kuna methali inayosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Muzee aliicheka alipoulizwa juu yake. Jembe la kulima wapi, kwenye kilima cha Panzi, ambako ukuta wa mmoja ni uwanja wa mwingine? Kijijini mgeni anayekaa huongeza mikono shambani. Mjini anaongeza mdomo, dumu na mkeka, na hata akiwa mtu wa kujituma hana pa kuutumia ujana wake zaidi ya kuchota maji.

Tatu ilikuwa mahali pa kusemea. Yaya alikuwa akishuka Bukavu siku ya soko kuleta maharagi. Mume alitaka kumkaribisha Panzi wazungumze wakila. Muzee alikataa kabisa. Ukimweka mtu mezani mwako, ukampa bugali na nyama, kisha ukamwambia huna nafasi, macho yake yataona salo yenye viti vinne na kalenda ukutani, na hatakuamini. Walikutana kwa muzee, Kadutu, asubuhi ya Jumatano. Kijana hakuitwa, kwa sababu mambo hayo ni ya wazazi, na kijana akisikia kwa masikio yake kwamba amekataliwa atalibeba neno hilo mpaka uzeeni.

Mume alizungumza kwa hesabu. Tuko saba. Wasichana watatu wanalala chumba kimoja, sisi na mdogo chumba kingine, na mvulana wetu wa miaka kumi na tano analala mu salo, pale pale unapotaka mwanao alale. Mwaka huu anajitayarisha kwa mtihani. Tumetoka kulala watu kumi na wawili, na mwenye nyumba ametuonya. Hakusema "ngoja tuone", wala hakusema "labda mwaka kesho". Muzee alikuwa amemkataza maneno hayo mawili, kwa kuwa msikiaji huyahesabu kama ndiyo iliyochelewa.

Kisha akatoa kile alichokuja nacho. Kijana angeomba nafasi Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, ambacho kina majengo Karhale, ndani ya Kadutu. Karibu na hapo wanafunzi hupanga chumba kimoja wakiwa watatu. Mtoto wa jirani wa mume alikuwa na chumba cha dola 30 kwa mwezi na alikuwa akitafuta mwenzake wa tatu. Sehemu ya kijana ingekuwa dola 10. Mume alijitolea kulipa garanti yake.

Sheria ya Kongo ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 kuhusu kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi hapa mjini huomba zaidi, na wapangaji wengi hulipa kwa kutojua au kwa kukosa pengine. Katika kesi hii mwenye chumba alitaka miezi sita. Muzee alikwenda mwenyewe, wakaafikiana mitatu. Dola 30, basi, mara moja, ikiandikwa kwenye karatasi yenye jina la fundi kama aliyelipa, ili kijana akihama siku moja pesa zirudi kwa aliyezitoa na zisizae kesi nyingine. Mke aliongeza kilo 25 za unga kwa mwanzo, na ahadi kwamba kila Jumapili kijana ale Panzi.

Mtu anaweza kusema dola 30 na mfuko wa unga ni nyingi kwa fundi asiye na wateja. Mke alipiga hesabu yake akaona vingine. Kwa miezi sita ya mwanzo wa mwaka alikuwa akipika kipimo cha pili cha unga kila siku, na mtaji wa biashara yake ulikuwa umeliwa karibu wote. "Feza ya garanti inatoka mara moja, unalia, unanyamaza," alisema. "Chakula ya kila siku hauioni inatoka. Unashituka tu gunia ni tupu."

Njia hii ina mipaka yake. Inahitaji muzee ambaye pande zote mbili zinamsikiliza, na vita vimetawanya wazee wengi. Inahitaji pia kwamba mwombaji awe na kitu mkononi, walau hizo dola 10 za kila mwezi. Kwa mjane aliyeacha shamba Kalehe na hana hata senti, chumba cha kupanga ni maneno matupu, na huko swali linakuwa ni usiku mangapi na ukoo utagawana vipi mzigo, si kama afunguliwe au la. Muzee anasema siku hizi mtu wa namna hiyo anapofika, yeye huita nyumba zote za ukoo zilizoko mjini usiku wa kwanza kabisa na kupanga: wiki mbili hapa, wiki mbili kule. Ukingoja mwezi upite ndipo uitishe mkutano, kila mmoja atakuambia mgeni amekwisha kuzoea alipo.

Yaya wa Walungu alisikiliza yote, akanywa chai yake, akashukuru kwa garanti. Kisha akasema: "Sasa mumekuwa wazungu." Muzee alimwomba aliondoe neno hilo. Hakuliondoa.

Kijana alianza masomo. Hupanda Panzi Jumapili baada ya misa, hula, hucheza karata na mvulana wa nyumba, na saa kumi na moja huteremka kabla ya giza kwa sababu usiku mjini si wa kutembea. Mara mbili amemsaidia huyo mvulana hesabu za mtihani. Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na kilio Walungu, na mume alikwenda. Yaya alimpa mkono mbele ya watu, akamkalisha kwenye benchi la wageni, si upande wa wenye msiba. Tangu hapo hajapiga simu. Shangazi naye amepiga mara moja, akiuliza kama ni kweli kijana anakula nyama kila Jumapili.