KCB ipi? Kampuni hodhi na kampuni tendaji chini ya jina moja

Anayenunua hisa za KCB katika Soko la Hisa la Nairobi hanunui hisa za benki. Anachonunua ni sehemu ya KCB Group Plc, kampuni isiyopokea amana wala kumkopesha mteja yeyote. Anayefungua akaunti katika tawi la KCB mjini Nakuru anakuwa mteja wa KCB Bank Kenya Limited. Mwenzake wa Dar es Salaam ni mteja wa KCB Bank Tanzania Limited, yenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Nembo ni ileile, lakini mbele ya sheria hizo ni kampuni tatu, kila moja ina mali yake na madeni yake.

KCB Group Plc ni kampuni hodhi: kazi yake ni kumiliki hisa za kampuni nyingine, kuteua wakurugenzi wake, kugawa mtaji na kupokea gawio. Benki za Kenya na Tanzania ni kampuni tendaji. Ndizo zinazoajiri makarani, kupanga majengo, kutoa mikopo na kushtakiwa pale mteja anapodai fedha zake zimepotea.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi mwisho wa mwaka 2015, kampuni iliyoorodheshwa sokoni ndiyo hiyohiyo iliyoendesha benki nchini Kenya, na wakati huohuo ilimiliki benki za Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko. Ilikuwa mama na ilikuwa mtendaji. Kuanzia tarehe 1 Januari 2016 biashara ya benki ya Kenya iliteremshwa kwenye kampuni mpya, KCB Bank Kenya Limited, na ile kampuni ya zamani ikabaki juu ikiwa na hisa tu. Mpangilio huo ulikuwa na faida moja kubwa kwa wanahisa: kampuni waliyokuwa na hisa zake haikubadilika, kwa hiyo hawakuhitaji kubadilishana chochote. Kilichohama ni akaunti, mikopo na mikataba ya kazi. Equity ilifanya mabadiliko ya aina hiyo mwaka mmoja kabla, na kampuni iliyopo sokoni leo ni Equity Group Holdings Plc.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Sababu iliyo wazi zaidi kwangu ni kisa cha National Bank of Kenya.

Mwaka 2019 KCB Group iliinunua National Bank kwa kubadilishana hisa: hisa 10 za National Bank kwa hisa 1 ya KCB Group. Aliyekuwa na hisa 5,000 za National Bank akapata 500 za KCB Group, na hapo uhusiano wake wa moja kwa moja na benki ile ukaisha. Lakini mteja mwenye akaunti National Bank hakuhama. Kitabu chake cha hundi, mkopo wake na hati ya shamba aliyoweka rehani vilibaki palepale, kwa sababu benki yenyewe haikumezwa na KCB Bank Kenya. Iliwekwa kando yake, benki mbili chini ya mmiliki mmoja, kila moja ikiwa na leseni yake na mtaji wake.

Mwaka 2025 KCB Group ikaiuza National Bank kwa Access Bank ya Nigeria. Hapo ndipo thamani ya muundo ule ilipoonekana. Muuzaji alikabidhi hisa, akapokea malipo, na matawi ya KCB Bank Kenya yakaendelea na kazi kama jana. Lau National Bank ingekuwa imeyeyushwa ndani ya KCB Bank Kenya mwaka 2019, kuiuza kungekuwa kuipasua upya: akaunti moja moja, mkataba wa kila mfanyakazi, kodi ya kila jengo, na kila rehani iliyosajiliwa kwenye ofisi ya ardhi ingelazimika kuhamishwa jina. Kazi kama hiyo hula miaka, na mdaiwa mmoja mkorofi anaweza kuibishia mahakamani.

Sababu ya pili ni kuzuia hasara isisambae. Benki ya nchi moja ikianguka, wadai wake wanadai mali ya benki hiyo. Hawawezi kwenda Nairobi kuchukua mali ya benki ndugu. Kampuni hodhi inaweza kupoteza mtaji wote iliouweka, lakini kwa kawaida haidaiwi zaidi ya hapo, isipokuwa ilitia saini dhamana. Msimamizi wa kila nchi naye anapata benki kamili anayoweza kuikagua ndani ya mipaka yake, na mwenye amana analindwa na mfuko wa bima ya amana wa nchi ilikotolewa leseni.

Ukuta huo, hata hivyo, unazuia pande zote mbili, na wanahisa wengi hawalioni hilo mpaka siku ya gawio. Kwa mwaka 2023 kundi la KCB lilitangaza faida ya zaidi ya shilingi bilioni 37 za Kenya baada ya kodi, lakini halikulipa gawio la mwaka huo. Faida inayotangazwa ni jumla ya faida za kampuni zote. Fedha zenyewe zimekaa ndani ya kampuni tendaji, na haziwezi kupanda juu mpaka bodi ya kila benki iamue kutoa gawio huku ikibakiza mtaji unaotakiwa na benki kuu ya nchi yake. Mwanahisa wa kampuni hodhi yuko mwisho wa foleni mara mbili: kwanza nyuma ya wenye amana na wadai wa benki, kisha nyuma ya wadai wa kampuni hodhi yenyewe.

Ukitaka kujua kampuni uliyonayo mkononi ni ipi, usitegemee maneno «Group» au «Plc» kwenye jina. CRDB Bank Plc iko katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, inamiliki kampuni tanzu Burundi na Kongo, na bado yenyewe ndiyo inayomkopesha mkulima wa Tanzania. Ni mama na mtendaji kwa pamoja, kama KCB ya kabla ya 2016. Anayenunua hisa zake anaingia moja kwa moja kwenye benki.

Fungua taarifa za fedha za mwaka. Kampuni yenye tanzu huchapisha mizania mbili, ya kundi na ya kampuni peke yake, mara nyingi katika safu zilizo jirani. Safu ya kundi itakuonyesha mikopo na amana za mabilioni kwa vyovyote vile. Iache hiyo, shuka na safu ya kampuni. Ukikuta mstari wa mikopo kwa wateja ni mtupu, mali kubwa ni uwekezaji katika kampuni tanzu, na mapato makuu ni gawio kutoka kwa tanzu hizo, hiyo ni kampuni hodhi. Ukikuta mikopo, amana na mishahara ya maelfu ya watu, ni tendaji, hata kama ina tanzu kumi.

Kwa asiye mwanahisa, jibu liko kwenye karatasi aliyotia saini. Mzabuni aliyepeleka samani kwenye tawi asome jina kamili la mnunuzi katika oda na namba ya usajili wa kampuni, kisha aandike ankara kwa jina hilohilo. Akiidai kampuni hodhi kwa samani zilizonunuliwa na benki, wakili wa kampuni hodhi atajibu kwa sentensi moja kwamba mteja wake hakununua chochote, na atakuwa sahihi. Muda wa kudai nao hausimami wakati mzabuni anamtafuta mdaiwa halisi. Na kama mkataba ni mkubwa na aliyeutia saini ni kampuni tanzu changa yenye mtaji mdogo, dhamana ya kampuni mama iombwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Nembo iliyo juu ya karatasi haitoi dhamana hiyo.