Kobe mmoja, mikao kumi

Tuseme duka la juisi linataka kobe awe kinyago chake: asimame, akimbie, apunge mkono. Ukiiambia programu ya kuchora kwa akili mnemba "kobe wa kijani anakimbia", kisha "kobe wa kijani amekaa", utapata kobe wawili wasiojuana.

Dawa yake ni kuandika wasifu mmoja usiobadilika hata neno:

"Kobe wa katuni, ngozi kijani cha limau, gamba kahawia lenye miraba sita, skafu nyekundu. Kichwa ni theluthi moja ya urefu wote, miguu mifupi minene. Mstari wa nje mweusi, mnene, wenye unene uleule kila mahali. Rangi bapa bila vivuli, mandhari meupe."

Mwishoni ongeza sentensi moja tu ya mkao: "Anakimbia kuelekea kulia." Hiyo ndiyo unayoibadilisha. Kivuli kimekatazwa kwa sababu hugeuza kijani kuwa rangi tatu.

Ambatanisha pia picha ya kwanza uliyoikubali, na kila mara rudi kwa hiyohiyo. Ukitumia ya pili kuzalisha ya tatu, makosa madogo hurithiwa na kukua.

Mkao wa kukimbia ndio msumbufu zaidi, maana miguu hurefuka. Ziweke picha sambamba, vimo vikiwa sawa, ulinganishe vichwa na mistari. Rangi haitatoka sawasawa kabisa kwa maneno pekee. Imalizie kwa mkono kwenye programu ya kuhariri picha.