Kutafuta bei kwenye jedwali: tuanzie kona ya juu kulia

Tuchukue mfano wa bei za kusafirisha mizigo, kwa maelfu ya shilingi. Ukienda kulia safari inarefuka, ukishuka chini mzigo unaongezeka. Bei hupanda pande zote mbili.

```
 2   5   9  14
 4   8  12  17
 7  11  15  21
10  16  19  25
```

Je, bei ya 11 imo? Tunaanza na 14. Imezidi, na zilizo chini yake zimezidi vilevile, basi safu hiyo nzima tunaifuta na kusogea kushoto: 9. Hiyo haifiki, na zilizo kushoto kwake hazifiki, basi mstari mzima tunaufuta na kushuka: 12. Imezidi, tunakwenda kushoto: 8. Haifiki, tunashuka: 11. Tumeipata kwa kutazama namba 5 kati ya 16.

Tukianzia kona ya juu kushoto tunakwama, maana kulia bei inapanda na chini inapanda; hatujui tufute upande gani.

Tukitoka nje ya jedwali bila kuipata, namba haimo. Hapa hatuwezi kutazama zaidi ya namba 7. Lakini bei moja ikiandikwa bila kufuata mpangilio, tunaweza kufuta safu yenye jibu.