Kwa nini mahindi ya haibridi yanadhoofika yakipandwa tena

Mkulima wa Mwakirunge, kule Kisauni, alinunua pakiti ya Pwani Haibridi 4 akaipanda wakati wa masika. Shamba lilisimama sawasawa kama lililopimwa kwa kamba, na mavuno yakampendeza. Akachagua mahindi makubwa kuliko yote, akayatundika juu ya jiko yapate moshi, na msimu uliofuata akayapanda. Shamba ni lile lile na mbolea ni ile ile. Lakini mimea ikatoka mirefu na mifupi, mingine ikachanua wiki moja kabla ya mwenzake, na mahindi mengi yakawa madogo. Kisa hiki ni cha kawaida pia Likoni na Changamwe, na mara nyingi lawama huangukia udongo au muuza mbegu. Hapa mwenye lawama ni namna mbegu yenyewe ilivyotengenezwa.

Kila mhindi hubeba vinasaba, yaani jeni, kwa jozi: kimoja kutoka kwa mama na kimoja kutoka kwa baba. Baadhi ya jeni zina kasoro, lakini kasoro hizo hujificha maadamu mwenzake katika jozi ni mzima. Shambani, unga wa maua hutoka kwenye mbelewele, ile sehemu ya juu, ukapeperushwa na upepo hadi kwenye ndevu za mimea mingine. Kwa hiyo mahindi kwa kawaida huoana na majirani, na kasoro hubaki zimefichwa.

Mtafiti akitaka kuunda haibridi huanza kwa kuuzuia upepo. Huvika hindi changa mfuko kabla ndevu hazijatokeza, na mbelewele ya mmea huo huo huvikwa mfuko wa karatasi. Ndevu zikishatoka, hukung'uta unga uliomo mfukoni na kuupaka kwenye ndevu. Mmea umejizalisha wenyewe. Mbegu zake hupandwa na kufanyiwa vivyo hivyo, kizazi baada ya kizazi, kwa kawaida sita hadi nane. Kila kizazi nusu ya jozi zilizokuwa na tofauti hugeuka kuwa pacha, hadi mimea yote ya ukoo ule inafanana kabisa. Huo ndio ukoo safi.

Gharama yake ni kwamba kasoro nazo hupata pacha na kujitokeza. Miche mingine huota myeupe, haina rangi ya kijani, ikafa. Iliyobaki ni mifupi, na hindi lake ni dogo. Ni kwa sababu hii watafiti hutupa koo nyingi na kubakiza chache sana.

Ajabu hutokea pale koo mbili dhaifu, zisizo na undugu, zinapooanishwa. Kasoro za ukoo huu hufunikwa na jeni nzima za ukoo ule, na mtoto huwapita wazazi wote wawili kwa mbali. Mmarekani George Shull alieleza jambo hilo mwaka 1908. Undugu wa mbali husaidia hata bila ukoo safi: haibridi ya kwanza ya Kenya, H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilitokana na kuoanisha mahindi ya Kitale na aina iliyoletwa kutoka Ekwado. Pwani tulipata zetu baadaye, kwa sababu mahindi ya nyanda za juu hayafai joto letu na mvua yetu ya muda mfupi. Pwani Haibridi 1 ilitolewa mwaka 1989, na Pwani Haibridi 4 mwaka 1995.

Shamba la kuzalisha mbegu lina sura yake. Safu chache za ukoo wa baba hufuatwa na safu nyingi zaidi za ukoo wa mama, kwa mfano safu 2 kwa 6. Shamba hutengwa mita 200 au zaidi na mahindi mengine. Kila asubuhi vibarua hupita safu za mama wakichomoa mbelewele kabla hazijamwaga unga, ili ndevu za mama zipate unga wa baba pekee. Mbegu inayouzwa huvunwa kwa mama tu. Mbelewele zikisahauliwa, mama hujizalisha mwenyewe, na ule udhaifu wa ukoo safi huingia ndani ya pakiti. Hivyo wakaguzi wa KEPHIS hupita shambani wakati wa kuchanua, na shamba lenye mbelewele nyingi zilizoachwa hukataliwa.

Ukoo safi ukiwa ndio mama, mbegu zinazopatikana ni chache na bei hupanda. Njia ya kupunguza gharama ni kuoanisha koo mbili kwanza, kisha kumtumia mtoto wao mwenye nguvu kama mama, na ukoo wa tatu kama baba. Haibridi ya namna hii ina mababu watatu.

Idadi ya mababu ndiyo inayopima hasara ya kurudia mbegu. Chukua mfano wa hesabu: haibridi inatoa magunia 16 kwa eka, na koo zake safi, kwa wastani, magunia 4. Faida ya uchotara ni magunia 12. Mbegu ikirudiwa, faida hiyo hupungua kwa sehemu moja ya idadi ya mababu. Wakiwa wawili, magunia 6 hupotea. Wakiwa watatu, hupotea 4. Chanzo ni kwamba mimea yote shambani ni ndugu wa tumbo moja, na upepo unawaozesha wao kwa wao. Kuchagua hindi kubwa hakusaidii sana, kwani ukubwa ule ulitokana na jozi zenye tofauti, na jozi hugawanyika upya kila zinaporithiwa.

Kwa mwenye robo eka, hasara ya magunia 4 kwa eka ni gunia moja. Mbegu ya robo eka ni kama kilo 2 na nusu. Mizani iko hapo: bei ya mbegu hiyo dhidi ya bei ya gunia la mahindi. Mvua ikikosekana, au pasipo mbolea, mavuno yote hushuka na tofauti hupungua. Hapo hesabu inaweza kugeuka.

Kinyume na wengi wanavyodhani, hasara kubwa ni ya mara ya kwanza. Baadaye mbegu haishuki kwa kasi ile, ila mkulima akichukua mahindi machache tu, maana undugu huzidi kukaribiana.

Anayetaka kuhifadhi mbegu yake ana Coast Composite, iliyotolewa mwaka 1974. Hiyo si haibridi. Ni mchanganyiko mpana unaooana wenyewe kwa wenyewe bila kuporomoka. Mbegu zitolewe katikati ya shamba, mbali na unga wa jirani, kutoka mimea mizima iliyosimama vizuri, na mahindi yasipungue 100.

Rangi peke yake si ushahidi wa mbegu halali, kwa kuwa nafaka ya kula nayo hupakwa rangi ikatiwa pakitini. Lebo ya KEPHIS ina sehemu ya kukwaruza. Namba iliyo chini yake hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu hueleza mbegu ni ya aina gani. Pakiti tupu na lebo vihifadhiwe hadi mavuno. Shamba la mbegu mpya likitoka na urefu usiolingana na kuchanua kwa nyakati tofauti, afisa wa kilimo wa wodi ataanza kwa kuuliza lebo hiyo.