Hasara Iliyojificha Ndani ya Mfuko wa Sembe

Muulize mhasibu wa kiwanda cha kusaga mahindi umeme wa mwezi uliopita uligharimu kiasi gani, atakujibu papo hapo. Muulize makosa yaligharimu kiasi gani, atakuna kichwa. Si kwamba hajui kazi yake. Fedha hizo zimetawanyika vitabuni: nyingine zimeandikwa mishahara, nyingine mafuta ya gari, nyingine vifungashio, na nyingine hazikuandikwa popote.

Kuzikusanya ndiyo kazi ya uchambuzi wa gharama za ubora, ambao Mmarekani Armand Feigenbaum aliueleza mwaka 1956. Leo gharama hizo hupangwa katika mafungu manne: za kuzuia kosa, za kukagua kama limetokea, hasara ya kosa lililobainika kiwandani, na hasara ya kosa lililomfikia mteja.

Tufuate lori moja la tani 30 za mahindi. Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Kipimo cha getini kikisoma 17 na lori likarudishwa kabla ya malipo, kiwanda kimetumia muda wa mkaguzi tu, na hiyo ni gharama ya kukagua. Lakini lori likishushwa kwa sababu mkaguzi alikwenda kula, kiwanda kimeshanunua zaidi ya tani moja ya maji kwa bei ya mahindi. Yakikaa ghalani hupata joto na kuota ukungu, na sehemu italazimika kutupwa. Hapo ni hasara ya ndani. Unga wake ukifika dukani, hasara inakuwa ya nje: magari ya kuurudisha, fidia, uteketezaji, na mteja ambaye hatarudi.

Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo kupika ugali hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi na unga wake ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mwezi Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku chapa tano za unga kwa sababu ya sumu hiyo.

Sasa tuweke hesabu ya mfano. Kiwanda chetu cha kubuni kinauza tani 500 kwa mwezi na kuingiza shilingi milioni 600. Kuzuia, yaani kuwafundisha mawakala kukausha na kuchagua mahindi na kuitunza mizani, kunachukua milioni 2. Ukaguzi unachukua milioni 5, hasara za ndani milioni 17, na za nje milioni 12. Jumla ni milioni 36, asilimia 6 ya mauzo, na milioni 29 kati ya hizo zimelipia makosa yaliyokwisha kutokea.

Kinachoshangaza zaidi kimo katika zile milioni 17. Mfuko wa kilo mbili ukijazwa gramu 30 zaidi, hakuna mteja atakayelalamika. Lakini tani 500 ni mifuko 250,000, hivyo unga uliotolewa bure ni tani 7.5. Kilo ikigharimu shilingi 1,000 kuizalisha, ni milioni 7.5 kila mwezi, karibu nusu ya hasara yote ya ndani. Haionekani kwa sababu hakuna kilichomwagika. Fundi kuja kurekebisha mizani ni gharama ndogo mno mbele ya hiyo.

Je, tuongeze wakaguzi tu? Kwa sumukuvu, hapana. Sumu hukaa kwenye punje chache zilizojikusanya, kwa hiyo sampuli ya gunia moja inaweza kuwa safi na lori likawa chafu. Ni lazima kuchota sehemu nyingi za mzigo, kusaga pamoja na kuchanganya ndipo kupima, na hata hivyo nyingine itapita. Kwa maoni yangu shilingi inayomfikia mkulima kwa turubai la kuanikia inafanya kazi kubwa kuliko shilingi ya kipimo cha pili.

Hesabu hii nayo ina mitego. Kupima upya mzigo uliorekebishwa ni hasara ya ndani, ingawa wengi huuandika kama ukaguzi wa kawaida. Unga uliouzwa Machi unaweza kurudi Mei, hivyo mwezi mmoja hautoshi kupima mafanikio. Na marejesho yakishuka ghafla bila kitu kubadilika kiwandani, waulize wauzaji kama bado wanayaandika, maana mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa kila mfuko uliorudi atajifunza kuuficha.

Mwenye kinu asisubiri mfumo wa kompyuta. Achukue mifuko 20 iliyofungwa leo, aipime mmoja mmoja kwenye mizani iliyohakikiwa, atoe uzito wa mfuko mtupu, kisha azidishe wastani wa ziada kwa idadi ya mifuko anayouza kwa mwezi.