Meneja hakusoma imeili yangu siku sita, na kosa lilikuwa langu

Leo nina stori ya imeili. Najua wengi wetu tunamalizana na wateja WhatsApp, lakini ukianza kuuzia hoteli, shule au kampuni, utaambiwa "tuma kwenye imeili ya meneja". Hapo ndipo mimi nilikwama.

Niko Nyasho, hapa Musoma. Nauza dagaa waliokaushwa na kuchambuliwa, nachukua mwaloni Mwigobero, natuma kwa basi. Kuna mteja wa Mwanza alitaka kilo 200 kwa sh 8,000, yaani 1,600,000. Afisa manunuzi wake alishakubali, ikabaki idhini ya meneja tu. Nikaandika barua ndefu nzuri, na pale kwenye Subject nikaweka:

YAH: MZIGO WETU

Siku sita kimya. Na dagaa, wanaojua wanajua, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishawaka vizuri, taa haiwavuti tena, wavuvi wanapumzika, bei mwaloni inapanda. Nilipompata afisa manunuzi kwa simu akaniambia meneja aliiona imeili, akadhani ni taarifa ya mzigo unaokuja, akaiacha aje asome baadaye. Bei ilishapanda. Nikatoa kwa ile ile niliyoahidi, faida yote ikaishia hapo.

Nikakaa nikaitazama ile Subject kwa macho yake. "YAH" tumeitoa kwenye barua za ofisini. Kwenye karatasi ina kazi yake, ila kwenye imeili inakula nafasi tu, maana kila kinachoandikwa pale ni yahusu. "Mzigo" upi? "Wetu" sisi na nani? Yeye bosi anataka kujua vitu vitatu: natakiwa kufanya nini, mwisho lini, na ni kuhusu nini. Kichwa changu hakikujibu hata kimoja.

Oda iliyofuata nikaanza na hiki:

Ombi la HARAKA sana kuhusu dagaa!!!

Kidogo afadhali, lakini bado. "Haraka" ya nani? Kwangu ni leo, kwake ni wiki hii. Na ombi la nini, bei au malipo? Nikabadilisha:

Naomba uidhinishe oda yetu ya dagaa kilo 200 kabla ya kesho mchana

Hii ina kila kitu, shida ni mpangilio. Nilijitumia mwenyewe nione kwenye simu, ikakatika kabla ya kufika kwenye siku. Halafu "kesho" ni mtego. Akiifungua kesho yenyewe, atadhani ana siku moja zaidi. Mwisho nikafika hapa:

Idhini kufikia Alhamisi 14: dagaa kilo 200

Ni herufi 42 ukihesabu na nafasi. Hata simu ikikata mwishoni, kazi na siku vimeshaonekana. Nimeweka jina la siku pamoja na tarehe, hivyo hata akiisoma Alhamisi asubuhi anajua ni leo. Mtu ataniuliza, mbona humuombi mkubwa wa watu? "Idhinisha" ingekuwa kumwamuru, kweli, lakini "idhini" ni jina la jambo tu. Ile "naomba" nimeipeleka sentensi ya kwanza ya barua, kwa sababu simu nyingi zinaonyesha mwanzo wa barua chini ya kichwa:

"Shikamoo Meneja. Naomba idhini yako kufikia Alhamisi saa 6 mchana. Baada ya hapo bei ya sh 8,000 haitashikika."

Salamu imo, fupi. Habari za familia na kazi zikianza pale, zinameza nafasi hiyo yote.

Jumla ya pesa sikuiweka kwenye kichwa. Kichwa hutokea hata kwenye simu iliyofungwa, na katibu muhtasi anakiona. Bei ni ya ndani ya barua. Namba ya akaunti ndiyo kabisa, usiweke.

Kitu kingine kilichowahi kuniponza: kujibu imeili ya zamani kwa jambo jipya. Meneja anaona "Re: Bei za Januari" anajua imeshaisha, kumbe ndani kuna oda mpya. Jambo jipya, fungua imeili mpya. Na kama huhitaji afanye chochote, sema hivyo: "Taarifa tu: dagaa kilo 200 wamepakiwa leo Jumamosi 16". Ukimwandikia tarehe ya mwisho kila imeili, hata zile za taarifa, ataacha kuziamini.

Ile ya Alhamisi 14 niliituma Jumanne saa 3 asubuhi. Kabla ya saa 5 majibu yalishaingia, maneno matatu: "Sawa. Mhasibu ameshapewa." Nikachukua bodaboda kwenda Mwigobero.